Betri Iliyopumzika Husema Kweli

Tukipima betri ya sola ya volti 12 mara tu jua linapotua, mita huweza kuonyesha 13.1. Tusidhani imejaa; hiyo ni chaji ya mchana iliyo juujuu kwenye mabamba ya risasi. Tutenganishe nyaya za paneli, kisha za taa, tuiache ipumzike usiku kucha, tupime asubuhi. Betri ya maji ikionyesha takriban 12.7 imejaa, 12.2 imebaki nusu, tuichaji kabla ya kuwasha taa, 11.9 imekwisha. Betri inapotumika, asidi yake hupungua nguvu, na volti hushuka pamoja nayo.

Lakini betri iliyochakaa pia huweza kuonyesha 12.7, kisha ikashuka haraka taa zikiwashwa. Hiyo imejaa, ila haina akiba.