Mishipa ya Damu Iliyovimba Sehemu za Siri na Miguuni Wakati wa Ujauzito

Wajawazito wengi huuonyesha mguu uliovimba wafikapo kliniki, lakini wachache hutaja uvimbe wa sehemu za siri. Baadhi huona haya, na wengine hudhani kuwa ni ugonjwa wa zinaa au kwamba mtoto ameanza kushuka. Aghalabu si hivyo. Ni vena zilizotanuka, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni. Jambo la msingi ni kuutambua uvimbe huo wa kawaida ili uvimbe wa hatari usichanganywe nao.

Kwa nini vena hutanuka

Damu ya miguuni hupanda kuelekea moyoni ikisukumwa na misuli ya miguu, nazo vali ndogo zilizomo ndani ya vena huizuia isirudi chini. Katika ujauzito mambo matatu huikwamisha safari hiyo. Kwanza, ujazo wa damu mwilini huongezeka kwa takribani asilimia 40 hadi 50. Pili, homoni ya projesteroni hulegeza kuta za vena. Tatu, mji wa mimba unaokua hukandamiza vena kubwa za nyonga na za tumboni. Vena zikitanuka, vali zake hazikutani tena, na damu hutuama chini.

Kwa sababu hiyo, vena za mashavu ya uke huanza kuonekana zaidi kuanzia mwezi wa tano, hasa kwa mama aliyekwisha kuzaa. Huwa laini, zenye rangi ya samawati au zambarau, na zikibonyezwa kwa kidole hunywea kisha hujaa tena. Mama huhisi uzito, mwasho au maumivu butu yanayozidi jioni baada ya kusimama kutwa. Akilala, uvimbe hupungua. Mkunga mwenye uzoefu humchunguza mama akiwa amelala kisha akiwa amesimama, kwa maana akilala tu, vena hizo huweza kufichika kabisa.

Mfano wa mama mmoja

Fikiria mama wa miaka 31, mwenye ujauzito wa tatu wa wiki 30, ambaye hupika na kuuza chakula akiwa amesimama tangu alfajiri. Anamweleza mkunga kuwa shavu la kushoto la uke linavimba kila jioni, na miguu yote miwili inakuwa mizito. Asubuhi aamkapo, hali huwa nafuu. Shinikizo la damu yake ni 112/70, na mkojo hauna protini. Uvimbe ni laini, hauna joto, nao unanywea alalapo.

Mama huyu hahitaji dawa. Mkunga anamshauri aketi kila apatapo nafasi, alale kwa ubavu wa kushoto, na ainue miguu juu ya mto. Soksi za kubana huvaliwa asubuhi kabla ya kushuka kitandani, wakati vena hazijajaa. Kwa sehemu za siri, chupi inayobana kiasi, ikiwekewa kitambaa safi kilichokunjwa, huzishikilia vena na kupunguza uzito. Kitambaa kilicholoweshwa maji baridi hutuliza mwasho. Mboga, matunda na maji ya kutosha humwepusha na kufunga choo, kwa kuwa kujikamua chooni huongeza shinikizo katika vena hizo.

Anaelezwa pia kwamba vena hizi peke yake hazimzuii kujifungua kwa njia ya kawaida, wala si sababu ya kufanyiwa upasuaji. Hata hivyo, mkunga atakayemzalisha anapaswa kujua zilipo. Ikilazimu kuongeza njia, asikate juu yake, na zikichanika azigandamize kwa kitambaa safi hadi zishonwe. Kwa kawaida hunywea katika wiki sita baada ya kujifungua.

Mambo yanapobadilika

Wiki nne baadaye mama huyo anarudi. Kwa siku mbili mguu wa kushoto pekee umevimba hadi pajani, na anaumwa kinenani na mgongoni. Amelala usiku kucha miguu ikiwa juu, lakini uvimbe haukupungua. Nyumbani ameambiwa aukande kwa maji ya moto. Mkunga anamzuia, kisha anapima mzingo wa mashavu ya miguu kwa utepe, mahali pamoja kwa kila mguu, sentimita 10 chini ya goti. Wa kulia ni sentimita 35, wa kushoto ni 38. Tofauti ya sentimita mbili au zaidi inatosha kutia shaka kwamba damu imeganda katika vena za ndani.

Kushoto kuna sababu yake. Kabla ya kuungana na ile ya kulia, vena ya nyonga ya kushoto hupita nyuma ya ateri inayokwenda mguu wa kulia, ikabanwa kati ya ateri hiyo na uti wa mgongo. Mji wa mimba huongeza mbano huo. Ndiyo maana damu inayoganda miguuni wakati wa ujauzito huganda zaidi upande wa kushoto, tena mara nyingi juu pajani na nyongani. Kwa hiyo shavu la mguu huweza lisiume, na maumivu yakawa kinenani, matakoni, mgongoni au chini ya tumbo.

Mama anapelekwa hospitalini siku hiyohiyo. Ultrasaundi ya mishipa ya damu inaonyesha bonge katika vena ya paja. Anaanzishiwa sindano za heparini kulingana na uzito wake; dawa hiyo haipiti kwenye kondo kumfikia mtoto. Pale ambapo kipimo kinachelewa, tabibu huweza kuanza tiba kwa shaka pekee, kwa sababu bonge likimeguka na kwenda mapafuni huweza kuua. Uchungu ukianza, mama husitisha sindano na kwenda hospitalini. Baada ya kujifungua huendelea na tiba kwa wiki sita au zaidi, hadi jumla ifikie angalau miezi mitatu.

Dalili za kutosubiri siku ya kliniki

Mama aende kituo cha afya mara moja iwapo mguu mmoja umevimba au unauma kuliko mwingine, au mshipa umekuwa mgumu kama kamba, mwekundu na wenye maumivu. Shavu moja la uke likivimba ghafla, likiwa gumu, lenye joto na lisilopungua alalapo, huenda ni jipu au damu iliyovilia, wala si vena iliyotanuka. Uso na mikono ikivimba pamoja na maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu au maumivu chini ya chembe cha moyo, shinikizo la damu lipimwe bila kukawia, kwani huenda kifafa cha mimba kinanyemelea. Akikosa pumzi ghafla, akiumwa kifua, akikohoa damu au akizimia, hiyo ni dharura.

Onyo hili haliishi siku ya kujifungua. Hatari ya damu kuganda huwa kubwa zaidi katika wiki sita za mwanzo baada ya uzazi, ambacho ndicho kipindi mzazi hukandwa nyumbani. Mguu mmoja uliovimba usikandwe wala kusuguliwa kabla haujapimwa.