Kwa Nini Riba ya Kwenye Hesabu Huzidi Riba Iliyolipwa

Ndugu mfanyakazi, katika majadiliano ya mishahara mwajiri huleta hesabu za mwaka, akaonyesha mstari wa gharama za riba, kisha akasema kwamba faida yote imeliwa hapo. Huenda ni kweli. Lakini kama kampuni ilikopa kwa hati fungani zinazoweza kugeuzwa kuwa hisa, mstari huo una mambo mawili ndani yake, na hapana budi tuyatenganishe kabla ya kujibu.

Hati ya namna hii ni mkopo wenye ahadi. Aliyekopesha hupata riba kila mwaka, na siku ya mwisho huchagua: arudishiwe fedha zake, au apewe hisa za kampuni kwa idadi iliyokwisha pangwa. Kwa sababu ya nafasi hiyo ya kuchagua, yeye hukubali riba ndogo kuliko ya mkopo wa kawaida.

Basi, Kanuni ya Kimataifa ya Hesabu Namba 32, ambayo kampuni zilizoandikishwa katika masoko ya hisa ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam huifuata, inasema kwamba fedha zilizopokewa zigawanywe siku ile ile ya kutolewa hati. Sehemu moja ni deni. Sehemu ya pili ni bei ya ile nafasi ya kupata hisa, nayo huandikwa katika mtaji.

Tuchukue mfano wa kampuni ya chai iliyopokea shilingi milioni 100 kwa miaka 3, kwa riba ya asilimia 6. Kama ingekopa bila ahadi ya hisa, ingetozwa asilimia 10. Mhasibu huanza na deni. Anauliza: malipo yajayo yana thamani gani leo, kwa asilimia 10? Milioni 6 za mwaka wa kwanza anazigawa kwa 1.10 mara moja, anapata 5.5. Milioni 6 za mwaka wa pili anazigawa mara mbili, anapata 5.0. Milioni 106 za mwaka wa tatu, yaani riba pamoja na mkopo wenyewe, anazigawa mara tatu, anapata 79.6. Jumla ni milioni 90.1, na hilo ndilo deni. Zinazobaki, milioni 9.9, zinakwenda katika mtaji na hazipimwi tena, hata bei ya hisa ikipanda au kushuka.

Sasa tazama miaka inayofuata. Gharama ya riba ni asilimia 10 ya deni lililoandikwa, wala si asilimia 6 ya milioni 100. Mwaka wa kwanza gharama ni milioni 9.0, lakini fedha zilizotoka ni milioni 6 tu. Tofauti ya 3.0 inaongezwa juu ya deni, likawa 93.1. Mwaka wa pili gharama ni 9.3, na deni linafika 96.4. Mwaka wa tatu gharama ni 9.6, na deni linatimia milioni 100 kamili. Kwa miaka yote mitatu gharama ni 27.9 na riba iliyolipwa ni 18. Tofauti ni 9.9, kiasi kile kile kilichowekwa katika mtaji mwanzoni.

Kwa hiyo mwajiri akisema riba ni milioni 9, fungua hesabu ya fedha taslimu, utafute riba iliyolipwa. Ukikuta 6, ujue milioni 3 hazikutoka mwaka huo. Lakini tusijidanganye kwamba milioni 3 hizo ziko huru kugawanywa. Wenye hati wakikataa hisa, kampuni italipa milioni 100 siku ya mwisho. Wakikubali hisa, fedha hizo hazitalipwa, ila wenye hisa wataongezeka.

Jambo la kuuliza zaidi ni ile asilimia 10, kwa maana huchaguliwa na uongozi na kukaguliwa na mkaguzi wa hesabu. Ingekuwa asilimia 12, deni lingeanza na 85.6 na gharama ya mwaka wa kwanza ingekuwa 10.3, ingawa fedha zinazotoka ni zile zile milioni 6. Ulizeni benki zilikuwa zikiikopesha kampuni hiyo, au kampuni kama hiyo, kwa riba gani mwaka ule.

Zoezi la kikundi: hati ya milioni 100, miaka 2, riba ya asilimia 5, mkopo wa kawaida asilimia 10. Deni la mwanzo ni kiasi gani? Jibu: milioni 91.3, na mtaji 8.7.