Kichwa Kikikatwa, Habari Haifiki: Jinsi ya Kuandika Kichwa na Maelezo ya Ukurasa wa Tovuti

Tangazo la chanjo ya mbwa lilikuwa tayari kwenye tovuti ya kaunti, lenye tarehe na vituo vyote. Hata hivyo, simu ya ofisi yetu haikuacha kulia. Wakazi waliuliza: chanjo ni lini, ni wapi, inalipiwa? Nilipotafuta mwenyewe kwenye Google kwa simu yangu, nilielewa. Ukurasa wetu ulikuwepo kwenye matokeo, lakini kichwa chake kilionyesha jina la serikali na jina la idara, kisha vitone vitatu. Neno "chanjo" halikuonekana. Mtu anayeogopa kichaa cha mbwa angejuaje kwamba hapo ndipo pa kubofya?

Kosa lilikuwa langu, kwa sababu mimi ndiye niliyeandika kichwa hicho. Nalieleza hapa kwa manufaa ya yeyote mwenye tovuti, iwe ni ya shule, ya kikundi cha akina mama au ya nyumba ya wageni.

Maandishi mawili yasiyoonekana kwenye ukurasa

Kila ukurasa wa tovuti unaweza kuwa na maandishi mawili yanayoandikwa ndani ya msimbo wake. La kwanza ni kichwa cha meta, ambacho kwa kawaida ndicho mstari mkubwa unaobofywa kwenye matokeo ya Google. La pili ni maelezo ya meta, yaani sentensi moja au mbili zinazokaa chini ya kichwa hicho. Ukitumia WordPress pamoja na programu-jalizi ya Yoast, utayaandika kwenye visanduku vya `SEO title` na `Meta description`.

Hiki ndicho kichwa nilichoandika mwanzoni:

```html
<title>Serikali ya Kaunti | Idara ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi | Tangazo kwa Umma Kuhusu Zoezi la Chanjo ya Mbwa</title>
```

Kina herufi 103, ukihesabu na nafasi. Neno "Chanjo" linaanza kwenye herufi ya 90. Google haihesabu herufi. Hukata kichwa kulingana na upana wa kioo cha anayetafuta. Kwenye kompyuta nafasi hiyo ni takriban pikseli 600, ambazo kwa kawaida hutosha herufi 50 hadi 60. Herufi kama M na W ni pana, nazo i na l ni nyembamba, kwa hivyo kichwa kilichoandikwa chote kwa herufi kubwa hukatwa mapema zaidi. Kwa vyovyote vile, herufi ya 90 ilikuwa nje ya mlango.

Anza na neno analotafuta mkazi

Hakuna mkazi anayeandika "zoezi" au "tangazo kwa umma" anapotafuta. Huandika "chanjo ya mbwa", na pengine huongeza "bure" au jina la wadi yake. Maneno hayo ndiyo yanayopaswa kuja kwanza, kisha yafuatwe na jambo litakalomfanya aone kwamba jibu liko hapo. Jina la tovuti halihitaji kurudiwa mwanzoni, kwa kuwa Google huliweka juu ya kichwa.

Baada ya kusahihisha, ukurasa ulikuwa hivi:

```html
<title>Chanjo ya mbwa bila malipo: tarehe na vituo vya kila wadi</title>
<meta name="description" content="Peleka mbwa wa miezi 3 na zaidi kwenye kituo cha wadi yako, saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Tazama orodha ya vituo, tarehe na unachopaswa kubeba.">
```

Kichwa kina herufi 57. Maelezo yana herufi 147, na kwa kawaida kompyuta huonyesha takriban 155. Simu huonyesha chache zaidi, mara nyingi karibu 120. Ndiyo maana sentensi ya kwanza, iliyobeba jambo muhimu zaidi, inaishia kwenye herufi ya 93. Ikikatwa ya pili, mkazi bado amejua ampeleke mbwa wa umri gani na saa ngapi.

Usiahidi kitu ambacho ukurasa hauna. Tukiandika "vituo vya kila wadi" halafu ndani tukaweka wadi tatu pekee, mkazi atafungua, akose, na arudi kutupigia simu ile ile.

Google inaweza kubadilisha ulichoandika

Kichwa kikiwa kirefu mno, au kikifanana kwenye kurasa nyingi, Google inaweza kukiacha na kutumia kichwa kikuu kinachoonekana ndani ya ukurasa. Kwa hivyo hakikisha vichwa hivyo viwili vinasema jambo moja, na kila ukurasa uwe na kichwa chake.

Maelezo pia hubadilishwa mara nyingi. Google huchukua sentensi ndani ya ukurasa ikiona inajibu vizuri zaidi swali la anayetafuta. Usipoandika maelezo kabisa, itajichagulia yenyewe. Ukurasa wetu wa kwanza haukuwa na maelezo, na aya yake ya kwanza ilizungumzia majukumu ya idara. Hiyo ndiyo iliyotokea kwenye matokeo. Sasa aya ya kwanza inataja siku, mahali na mbwa wanaohusika.

Fahamu pia kwamba maelezo ya meta hayapandishi ukurasa kwenye orodha ya Google. Kazi yake ni kumshawishi aliyekwisha kuuona aubofye.

Pima kabla ya kushangilia

Huduma ya bure ya Google Search Console hukuonyesha mara ambazo ukurasa ulionekana (`Impressions`), mara ulizobofywa (`Clicks`), na asilimia ya kubofywa (`CTR`). Tuseme kabla ya mabadiliko ukurasa ulionekana mara 1,200 ukabofywa mara 24. Gawanya 24 kwa 1,200, kisha zidisha kwa 100: ni asilimia 2. Baadaye ukionekana mara 1,000 na kubofywa mara 50, hiyo ni asilimia 5.

Lakini tazama pia `Position`, yaani nafasi yako kwenye orodha. Ikiwa umepanda kutoka nafasi ya 9 hadi ya 3, ongezeko hilo huenda limetokana na kupanda huko, si kichwa kipya. Linganisha maneno yale yale ya utafutaji, katika nafasi inayokaribiana. Subiri pia hadi Google iupitie ukurasa upya. Unaweza kuiomba kupitia `URL Inspection`, kisha `Request Indexing`.

Tena, asilimia ndogo si hasara kila mara. Mkazi akisoma saa na umri wa mbwa kwenye maelezo na kuridhika, huenda asibofye. Kwa anayeuza miche, huyo ni mteja ambaye hakuingia dukani. Kwa tangazo la chanjo, habari imemfikia.

Leo, chukua simu yako, utafute ukurasa wako kwa maneno ambayo mteja au mzazi angetumia, na usome kichwa hadi pale kinapokatwa. Kama jambo kuu limebaki upande wa pili wa vitone vitatu, lihamishe mbele.