SOMO: UJUMBE WA MPIGA VIDEO KWA MWENYE MGAHAWA

Wanachama wenye migahawa midogo siku hizi hupokea katika simu zao ujumbe wa vijana wanaojitolea kuwatengenezea video fupi za matangazo kila mwezi, kwa malipo. Wengine huuleta ujumbe huo kwa katibu wa chama na kumwuliza kama wakubali. Somo hili linaonyesha jinsi ya kuupima ujumbe wa namna hiyo, na jinsi mpiga video naye anavyopaswa kuuandika ili apate jibu.

Uchukuliwe mfano wa mama mwenye mgahawa wa meza sita katika Rusimbi, Kigoma. Chakula chake kikuu cha mchana ni ugali na mgebuka wa kukaanga kwa mawese. Siku moja anapata ujumbe huu:

"Habari. Sisi ni wataalamu wa video za kisasa. Tunakupa video 12 kwa mwezi kwa Sh. 250,000/= tu. Biashara yako itajulikana Tanzania nzima. Nafasi hii inaisha Ijumaa."

Ujumbe huo una kasoro kabla hata bei haijatazamwa. Kijana anamwandikia mama aliyemzidi umri bila shikamoo, wala hasemi yeye ni nani na anakaa wapi. Pili, anaahidi kisichomfaa mama. Mlaji wa mchana katika Rusimbi hutoka mahali anapoweza kutembea kwa miguu au kufika kwa bodaboda, ale, arudi kazini. Watu elfu kumi wa Dar es Salaam wakiitazama video, hakuna hata mmoja atakayekuja kula saa saba. Tatu, video 12 ni nyingi mno kwa mgahawa wenye vyakula vinne. Kuanzia ya tano mtazamaji ataona sahani ile ile, naye ataipita.

Sasa bei. Mwenye mgahawa hukosea anapolinganisha bei ya video na mauzo yake. Hapana budi ailinganishe na kile kinachobaki katika kila sahani. Tuseme sahani inauzwa Sh. 5,000/=. Mgebuka umemgharimu Sh. 2,200/=, na unga, mawese, mboga na mkaa Sh. 1,000/=. Kinachobaki ni Sh. 1,800/=. Kodi ya nyumba na mshahara wa msaidizi havihesabiwi hapa, kwa sababu atavilipa vile vile hata asipopata mteja mmoja wa ziada. Gawanya Sh. 250,000/= kwa Sh. 1,800/=: ni sahani 139 za ziada kila mwezi, zaidi ya tano kwa siku katika mwezi wa siku 26 za kazi, ili tu asipate hasara. Kwa bei ya Sh. 180,000/= zingehitajika sahani 100, karibu nne kwa siku. Kisha aulizwe kama jiko lake na meza zake sita vinaweza kupokea watu hao saa saba, wakati ambapo tayari wengine husimama wakingoja. Kama sivyo, video iwaite watu wa saa nane na nusu.

Mpiga video anayeijua kazi yake angeandika hivi:

"Shikamoo mama. Mimi ni mpiga video, nakaa hapa hapa Rusimbi. Jumanne nilikula kwako ugali na mgebuka, nikaufurahia. Naomba kukutengenezea video 4 kwa mwezi, za sekunde 20 hadi 30 kila moja, za kuwekwa WhatsApp na TikTok. Nitakuja siku moja tu, saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana, bila kuwazuia wateja. Bei ni Sh. 180,000/=: nusu siku ya kupiga, nusu ukishapata video ya nne. Kila video nitairekebisha mara moja bila malipo. Video na akaunti ni mali yako, pamoja na neno la siri. Fedha ya kulipia tangazo mtandaoni haimo. Tujaribu mwezi mmoja. Samaki wakikosekana tutapiga chakula kingine, au tutasimama na hutalipa. Nimekutumia video moja niliyoifanya uione. Naomba dakika 10 Alhamisi saa 9, wateja wakipungua."

Ujumbe huu ni mrefu, lakini kila sentensi inajibu swali ambalo mama angeuliza. Neno la siri halikutajwa bure. Ikiwa akaunti imefunguliwa kwa simu ya kijana, siku wakikosana mama atapoteza video na pia wateja waliozoea kumfuata hapo. Katibu akiombwa ushauri, aanze na jambo hilo.

Sharti la samaki nalo lina sababu zake katika Ziwa Tanganyika. Migebuka na dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki, hivyo wavuvi wengi hupumzika. Siku hizo mwaloni Kibirizi au Katonga samaki hupungua na bei hupanda. Video ya mgebuka ikitoka wiki hiyo, huwaita watu kwenye chakula ambacho hakipo, au kilichopo kwa faida ndogo. Yafaa basi siku ya kupiga na wiki za kutoa video za samaki ziwekwe kwenye giza la mwezi, na wiki ya mbalamwezi itoke video ya maharage au kuku. Zaidi ya hayo, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi ziwani ulisimamishwa kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Mwenye mkataba wa miezi sita usio na sharti hilo angelipia mgebuka asioupata.

Kuhusu kazi yenyewe, jiko la mkaa huwa na giza na moshi. Mpiga video stadi huihamishia sahani karibu na mlango, mwanga utoke nyuma au ubavuni ili mvuke uonekane. Simu husimamishwa wima. Sekunde tatu za kwanza zionyeshe samaki akiingia katika mawese, na sauti ya kukaanga isikike. Kibao, bei na njia ya kufika huja mwisho. Wimbo maarufu usitiwe ovyo, kwani mitandao huweza kuzima sauti ya tangazo lenye muziki usioruhusiwa kwa biashara. Wateja waombwe ruhusa kabla ya sura zao kuonyeshwa. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zaidi ya sheria, si kila mtu anayekula saa tano angependa mkuu wake wa kazi amwone.

Mwisho ni daftari. Wiki mbili kabla ya video ya kwanza, mama aandike sahani anazouza kila siku. Baadaye aendelee kuandika, akiweka alama kwa kila mgeni anayesema ameona video. Idadi ya watazamaji isiingizwe humo. Tuseme kabla aliuza wastani wa sahani 38, na sasa 40. Ziada ni sahani mbili kwa siku, yaani 52 kwa mwezi, ambazo zinabakiza Sh. 93,600/=. Amelipa Sh. 180,000/=, kwa hiyo amepungukiwa Sh. 86,400/=. Hapo asimfukuze kijana wala asiendelee kama mwanzo. Amwonyeshe daftari na amwombe video mbili kwa mwezi kwa Sh. 90,000/=, zote za saa nane na nusu, kisha wahesabu tena baada ya siku 26.