Kifua kilichobana kama pumu

Swali: Tabibu, ndugu yangu hapa Iramba alibanwa kifua ghafla baada ya kupulizia vitunguu dawa. Hajawahi kuugua pumu. Je, ilikuwa nini?

Jibu: Inawezekana ni sumu. Nilimpokea mkulima wa namna hiyo, aliyekwisha kupewa dawa ya pumu bila nafuu. Nilipommulika macho, mboni zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Mate na jasho vilimtoka, na moyo ulipiga mara 48 kwa dakika. Pumu kali kwa kawaida huharakisha moyo. Hizo ni dalili za viuadudu vya oganofosfeti.

Tulimvua nguo, tukamwogesha kwa sabuni na kumpa oksijeni. Kisha tulimchoma atropini miligramu 2 kwenye mshipa, tukizidisha dozi maradufu kila dakika 5 hadi kifua kilipokauka. Kinachotuongoza ni kifua na mapigo ya moyo. Mboni huchelewa kupanuka.

Tulimlaza siku 4, tukimwambia mara kwa mara ainue kichwa kitandani, maana misuli ya shingo na ya kupumua huweza kulegea saa 24 hadi 96 baadaye. Haikulegea, akaruhusiwa. Ndugu yako akibanwa tena, mpelekeni kituoni mara moja pamoja na chupa ya dawa aliyopulizia.