Barua ya kuomba kazi ya kwanza ya usafirishaji: eleza mzigo uliouhesabu

Kampuni ya kusafirisha mizigo ikitangaza nafasi ya karani wa stoo, barua nyingi zinazofika husema jambo lile lile: mwombaji ni mwenye bidii, mwaminifu na hupenda kujifunza. Meneja hana njia ya kuyapima maneno hayo. Anachotaka kujua ni kama mtu huyu akipokea lori, kilichoandikwa kwenye karatasi kitalingana na kilichoshushwa.

Tuchukue mfano wa mhitimu wa Masalani mwenye diploma ya ununuzi na ugavi ambaye hajawahi kuajiriwa. Anaomba ukarani wa stoo katika kampuni iliyoko Garissa mjini. Hana barua ya mwajiri yeyote, ila wakati wa likizo alikuwa akipokea bidhaa katika duka la jumla. Huo ni uzoefu, na ndio utakaobeba barua yake.

Anwani yake na tarehe zikae juu kulia, ya kampuni ifuate kushoto. Baada ya maamkizi, kichwa kitaje kazi, "KUH: OMBI LA KAZI YA KARANI WA STOO", kisha nambari ya tangazo. Aya ya kwanza iwe fupi: anaomba kazi gani, aliliona wapi tangazo, amehitimu nini, wapi na lini.

Aya ya pili ndiyo roho ya barua. Anaweza kuandika hivi:

"Katika duka la jumla nilikosaidia, nilipokea mzigo ambao ankara yake ilionyesha katoni 240 za mafuta ya kupikia. Nilizihesabu zikishushwa nikapata 236, na mbili kati ya hizo zilikuwa zimevuja. Kabla ya kutia sahihi, niliandika kwenye hati ya kupokelea mzigo kwamba katoni nne zimepungua na mbili zimeharibika. Dereva alitia sahihi kando ya maandishi hayo, nami nikampa mwenye duka nakala."

Hapo hakuna sifa hata moja, lakini meneja ameshaona kwamba mwombaji anajua utaratibu. Anayetia sahihi kwanza na kuhesabu baadaye amekiri kwamba mzigo umefika kamili. Akigundua upungufu lori likiwa limeondoka, ni vigumu kumdai msafirishaji. Mwombaji huyu pia ametofautisha kilichopungua na kilichoharibika, kwa sababu kila kimoja huandikwa na kudaiwa kivyake.

Wewe tumia tukio lako na hesabu zako. Usiazime za mfano huu, kwani kwenye mahojiano utaulizwa katoni zilipangwaje, nani mwingine alikuwa akihesabu na nakala ilihifadhiwa wapi. Aliyekuwepo hujibu bila kusita. Asiyekuwepo hukwama kwenye swali la pili. Kama hujawahi kupokea mzigo kabisa, andika ulichofanya kweli katika mafunzo ya nyanjani, hata kama ni kujaza kadi za stoo tu.

Aya ya tatu ionyeshe jinsi mwombaji anavyoijua njia ya mizigo, kwani hali ya barabara huamua mzigo utafikaje. Novemba 2023, mafuriko ya Mto Tana yalikata barabara ya kuingia Garissa upande wa Madogo na Mororo. Mwenyeji wa Masalani anajua mvua ikinyesha barabara ya udongo huwa hali gani, na lori lililokwama hulaza unga na sukari kwenye unyevu. Basi aandike: "Naijua njia ya Garissa hadi Masalani wakati wa kiangazi na wa masika, na nazungumza Kisomali, Kiswahili na Kiingereza na madereva na wapokeaji." Ataje lugha anazozimudu tu. Asidai ujuzi wa kutoa mizigo forodhani: kazi ya wakala wa forodha ina leseni yake, na dai hilo huchunguzika haraka.

Aya ya mwisho iseme lini yuko tayari kuanza na kutaja wadhamini. Mwenye duka aombwe ruhusa kabla jina lake halijaandikwa, akumbushwe pia tukio lililotajwa, maana atakapopigiwa simu maelezo yake yapaswa kuoana na barua.

Barua isizidi ukurasa mmoja, na iandikwe kwa lugha ya tangazo; likiwa la Kiingereza, mpangilio ni huu huu. Ukituma kwa baruapepe, ihifadhi kama PDF na uweke nambari ya tangazo kwenye mada. Ukiombwa pesa za "kushughulikia" ombi, usilipe.

Kabla ya kutuma, isome barua sentensi kwa sentensi. Kila sentensi ambayo mwombaji mwingine yeyote angeweza kuiweka kwenye barua yake bila kubadilisha neno, ifute, na mahali pake uweke jambo ulilolifanya wewe.