Mwambie Kabla Hamjachagua Mahali

Mdogo wangu wa Kawangware, nimesoma ujumbe wako. Kazi ya Westlands iliisha, unaishi kwa vibarua, na mrembo mliyezoeana naye kwa simu amependekeza mkutane Jumamosi kwenye mkahawa mmoja wa Kilimani. Unauliza: umwambie sasa, au ulipie mlo huo kwa Fuliza kwanza?

Mwambie sasa. Akishataja mahali nawe ukakubali, tayari umeahidi bili usiyoijua. Fuliza itakulipia, ndiyo, lakini itadai ada kila siku hadi umalize deni, na shilingi yoyote itakayoingia M-Pesa itakatwa kwanza. Jumatatu mwajiri wa kibarua akikutumia mia tano, utaona ujumbe tu, pesa imeshakwenda. Utakuwa umekula chakula cha Jumamosi kwa unga wa wiki nzima.

Basi mpigie, usimwandikie, asikie sauti yako haitetemeki. Sema: "Kwa sasa sina kazi ya kudumu, nafanya vibarua huku nikitafuta. Ningependa tuonane Arboretum saa nane, kisha tunywe chai. Hiyo ni juu yangu." Ukishasema, nyamaza umsikilize. Usiombe radhi, wala usimsimulie barua zote ulizoandika bila kujibiwa. Madeni yako na habari za CRB pia ziache kwanza; hayo atastahili kuyajua mtakapoanza kuzungumzia kodi ya nyumba na kuishi pamoja, na hapo usimfiche hata shilingi.

Arboretum ina kiingilio kidogo, na mnaweza kutembea chini ya miti muda mrefu bila mhudumu kuwasimamia. Jeevanjee ni bure na iko katikati ya mji, ila mchana wahubiri hupaza sauti na hamtasikilizana. Kabla ya yote, tenga nauli ya kurudi, tena noti taslimu. Mvua ikinyesha jioni, matatu za namba 46 hupandisha bei, na hapo ndipo watu huanza kuomba waliyetoka naye awaongezee.

Nawe dada unayetumiwa nauli, sikia. Ukiwa na deni la Fuliza, nauli hiyo humezwa ikiingia tu. Aliyekutumia atadhani umeila, nawe huna hata ya kupandia gari. Na ukifika Lavington kwa pesa yake, bila yako ya kurudia, ukitaka kuondoka mapema utaondokaje? Kama huna nauli, mwombe aje karibu na kwenu, mchana, mahali penye watu.

Turudi kwako, mdogo wangu: akijitolea kulipa chai, mwache alipe, useme asante, basi. Akikucheka au akipotea baada ya ile simu, mwache aende. Ungemjua tu, tena baada ya kukopa. Mpigie leo, kabla Jumamosi haijafika.